Mtoto mmoja aliyeishusha LOD kutoka 3.31 hadi 1.86

Mzee mmoja wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, aliniuliza swali ambalo wanafunzi wangu hapa Dodoma huwa hawaniulizi: "Daktari, wagonjwa unawaona hawa hapa. Hawa wazima unawatemesha mate ya nini?" Nilimjibu kwamba mtoto mzima ananipa habari sawasawa na mgonjwa, hakuniamini, na sikumlaumu. Kwenye mate hayo natoa DNA, nikitafuta mahali ilipo jeni inayoleta ugonjwa ndani ya ukoo, na LOD ni alama ya nguvu ya ushahidi huo. Nitajaribu kulijibu swali lake vizuri zaidi hapa, kwa kupitia familia moja na hesabu yake mwanzo hadi mwisho. Familia yenyewe nimeiunda kwa ajili ya somo, isije ikatambulika ya mtu. Hesabu ni zilezile ninazofanya kazini.

Ugonjwa ni mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, ule unaorithiwa kwa nguvu ya nakala moja: mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Babu anao, na bado yuko hai. Bibi hana. Mwana wao, tumwite Mzee, anao. Mzee ana wake watatu, wote wenye macho mazima, na watoto kumi na mmoja: sita wanaugua, watano hawaugui. Kwa mtu wa fani yangu nyumba kama hii ni ghala lililojaa, maana watoto wote kumi na mmoja wamerithi kromosomu za mwanamume mmoja.

Jeni yenyewe hatuioni, wala hatujui iko kwenye kromosomu gani. Tunachoweza kuona ni vitambulishi, yaani sehemu za DNA ambazo urefu wake hutofautiana kati ya mtu na mtu na mahali pake panajulikana. Kitambulishi kikiwa jirani na jeni mbovu, viwili hivyo vitasafiri pamoja kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Vikiwa mbali, kromosomu mbili za baba zitakuwa zimebadilishana vipande katikati yao mara nyingi, na mtoto atapata kimoja bila kingine. Kazi yote ni kuhesabu ni mara ngapi vimeachana.

Tuchukue kitambulishi kimoja, nikiite K4. Babu ana urefu wa 7 na 9, Bibi ana 4 na 5, Mzee ana 7 na 4. Bila shaka 7 ya Mzee imetoka kwa Babu, ambaye ndiye aliyempa ugonjwa. Kwa hiyo kwenye mwili wa Mzee, jeni mbovu imekaa kwenye kromosomu ileile yenye 7. Sasa tunawatazama watoto. Kama K4 iko karibu na jeni, wagonjwa wote wapate 7 na wazima wote wapate 4. Hapo ndipo mtoto mzima anapopata kazi: kila anapopokea 4 pamoja na macho mazima, ni ushahidi uleule kama ndugu yake aliyepokea 7 pamoja na ugonjwa. Kwenye hesabu, kila mtoto ni sarafu moja iliyorushwa, na sarafu ya mzima haina thamani ndogo.

LOD ni uwiano wa maelezo mawili, uliowekwa kwenye logi ya kumi. La kwanza linasema kitambulishi na jeni viko jirani, na huachana kwa kiwango θ. La pili linasema havihusiani, kwa hiyo huachana nusu ya mara zote. Watoto wakiwa n, na r kati yao wakiwa wale ambao viwili vimeachana:

```
LOD(θ) = log10[ (1-θ)^(n-r) * θ^r / 0.5^n ]
```

Watoto wote kumi na mmoja wakilingana, θ inakuwa sifuri na kinachobaki ni 2 kumi na moja zilizozidishwa pamoja, yaani 2048. Logi yake ndiyo LOD: 3.31. Kila mtoto ameleta 0.30. Na Babu je? Angekuwa ameshafariki bila kuacha mate yake, na Bibi vilevile, nisingejua kama ugonjwa umekaa na 7 au na 4. Ningelazimika kukubali njia zote mbili kwa nusu, na LOD ingeshuka hadi 3.01. Mate ya wazee yana thamani ya mjukuu mzima mmoja. Ndiyo maana nikifika kijijini naanza na waliozeeka zaidi.

Kizingiti cha LOD ya 3, ambacho ukikifikia unatangaza ujirani, kilipendekezwa na mwanajenetiki Newton Morton mwaka 1955, na wengi hukikariri bila kujua kwa nini kiko juu hivyo. LOD ya 3 ina maana data zinaunga mkono ujirani mara 1000 kuliko kutohusiana. Lakini kabla ya kupima chochote, uwezekano wa vitu viwili vilivyookotwa popote kwenye kromosomu kuwa karibu kiasi cha kuhisika ni kama moja kwa hamsini. Gawanya 1000 kwa 50, unabaki na ishirini kwa moja. Hiyo ndiyo imani halisi unayoinunua kwa 3, na si kubwa sana. Upande wa chini, LOD ya −2 inatosha kulifuta eneo.

Sasa shida. Nilisema *kama* wote wakilingana. Katika familia hii, wazima wote watano wamepata 4 na wagonjwa watano wamepata 7, ila mgonjwa wa sita, kijana wa mke wa pili, amepata 4. Kwenye θ ya sifuri LOD inaanguka hadi chini isiyo na mwisho, kwa sababu nadharia ya "haviachani kamwe" imekanushwa na mtoto mmoja. Thamani nzuri zaidi ya θ sasa ni 1/11, na LOD pale ni 1.86. Kutoka zaidi ya elfu mbili kwa moja, tumebaki na sabini na kitu kwa moja.

Mtoto huyu anaweza kuwa mambo matatu. Huenda kweli vipande vilibadilishana kati ya K4 na jeni. Huenda sampuli imebadilishwa chupa maabara, au baba wa damu ni mwingine. Hilo hugundulika haraka, kwa sababu vitambulishi vingine vingi navyo vitakataa, na likigundulika linabaki kwenye daftari letu, halirudi kijijini. Au huenda ana mtoto wa jicho wa asili nyingine kabisa.

Kishawishi ni kumfuta. Nimewahi kuona mtu akifanya hivyo, na LOD ikarudi juu mbele ya macho yetu kama maji yaliyoachiwa. Ni udanganyifu, hata kama unayemfuta kweli hakustahili kuwemo, kwa sababu umemchagua baada ya kuona matokeo. Njia halali ni kumwita daktari wa macho ambaye hajaona vitambulishi, awapime upya watoto *wote*, si huyu peke yake, na kukubali atakachosema.

Tuseme daktari amerudi na majibu haya: watano wana ukungu wa aina moja, wa vumbivumbi, macho yote mawili. Kijana wa sita ana ukungu mzito wa jicho moja tu, hasikii vizuri, na moyo wake una sauti isiyo ya kawaida. Alizaliwa kabla ya 2014, mwaka ambao chanjo ya surua na rubela ilianza kutolewa nchini, na mama yake anakumbuka homa na vipele akiwa na mimba changa. Hiyo ni picha ya rubela ya tumboni. Huyu hatumhesabu kuwa mzima, maana kwa macho hayo hatuwezi kujua kama amebeba jeni au la, tunamwandika "hajulikani". Wanabaki kumi, wote wanalingana: 3.01.

Njia nyingine ni kuiruhusu hesabu yenyewe itarajie watu kama hawa. Kwenye programu ya Merlin unaandika mstari mmoja wa modeli:

```
JICHO  0.0001  0.001,0.95,0.95  Dominant
```

Namba ya kwanza ni wingi wa aleli mbovu, yaani nakala mbovu ya jeni, kwenye jamii. Tatu zinazofuata ni uwezekano wa kuugua kwa asiye na aleli mbovu, mwenye moja, na mwenye mbili. Ile 0.001 ndiyo mlango wa rubela. Ukiiandika sifuri, umeiambia kompyuta kwamba hakuna njia nyingine duniani ya kuugua macho, nayo itakuamini na kulitupa eneo la kweli.

Ugonjwa huu una historia yake kwenye fani. Mwaka 1963 watafiti Renwick na Lawler walionyesha kwamba mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao katika familia moja ulisafiri pamoja na kundi la damu la Duffy. Mwaka 1968 Duffy ikawekwa kwenye kromosomu ya 1, na ugonjwa ukafuata. Mwaka 1998 jeni yenyewe, GJA8, ikapatikana. Napenda kuwaambia wanafunzi kwamba Duffy isingetusaidia Kongwa hata kidogo: karibu sisi sote wa kusini mwa Sahara tuna aina moja, ile isiyoonekana kwenye chembe nyekundu. Baba mwenye nakala mbili zinazofanana haonyeshi amempa mtoto ipi. Kitambulishi kinafaa tu kama aliyebeba ugonjwa ana nakala mbili tofauti.

Baada ya LOD kuna mipaka ya eneo lenye jeni, nayo huwekwa na vitambulishi vilivyo pande mbili za K4. Upande mmoja, kwenye K2, mmoja wa wagonjwa watano ameacha kipande cha Babu na kuchukua cha Bibi, kwa hiyo jeni haiko huko. Mpaka huo nauamini. Upande wa pili, kwenye K6, mpaka umewekwa na binti mzima wa miaka mitatu ambaye kuanzia hapo amebeba kipande cha Babu. Huu siuamini bado. Ukungu wa vumbivumbi unaweza kukosekana kwa tochi ukaonekana kwa mashine ya mwale mwembamba, na binti huyo akigeuka mgonjwa, eneo zima linasogea kwenda upande wake. Mpaka uliowekwa na mzima nauchora kwa penseli.

Na hata mipaka yote ikisimama, watoto kumi hutoa kwa wastani eneo la sentimogani 20 hivi, ambapo sentimogani moja ni umbali wa kuachana mara moja kwa mia. Hizo ni kama besi milioni 20, yaani herufi za DNA, zenye jeni zaidi ya mia moja. Karibu na kitovu cha kromosomu, ambako GJA8 ipo, ubadilishanaji ni haba na sentimogani chache hufunika besi nyingi zaidi. Kusoma DNA ya eneo lote siku hizi inawezekana, ila utapata tofauti nyingi na wote wagonjwa watakuwa nazo, kwa sababu wamerithi kipande kimoja.

Kwa hiyo kinachofuata ni dada yake Mzee aliyeolewa Mpwapwa, ambaye naye anaugua, na watoto wake wanne. Wakilingana wote LOD itapanda, lakini mimi naomba angalau mmoja wao asilingane hapo katikati ya K2 na K6, na awe mgonjwa, ili eneo lipungue.