"Au sifa inayolingana nayo": waombaji wa kazi wanapokosea

Mtu akinijia kulalamika kwamba haitwi kwenye usaili, namwomba vitu viwili: tangazo lenyewe na barua aliyotuma. Mara nyingi tangazo limesema wazi "shahada ya kwanza ya takwimu au sifa inayolingana nayo", na yeye ana shahada ya kitu kingine. Hapo hakuna kosa. Kosa liko kwenye barua, ambayo haina hata sentensi moja inayogusa ile "au". Nikiuliza kwa nini, naletewa jibu ambalo nimelisikia hadi limenichosha: "Vyeti vyote niliviambatanisha, watajionea wenyewe."

Dhana: Nikishaambatanisha cheti, watajionea wenyewe kuwa kinalingana

Hawataona, na si kwa roho mbaya. Anayefanya mchujo wa kwanza kwa kawaida ni afisa wa rasilimali watu, si mtaalamu wa fani yako. Mbele yake ana majina ya waombaji, orodha ya vigezo, na nafasi ya kuweka ndiyo au hapana. Akikuta "Jiografia" mahali alipoambiwa atafute "Takwimu", hataifungua transkripti yako ya kurasa nne aanze kuhesabu masomo. Ataweka hapana, na kwa mujibu wa orodha yake atakuwa ametenda haki. Sifa inayolingana ni dai, na mwenye kulithibitisha dai ni anayelitoa.

Kabla ya kudai, soma tangazo kwa utulivu. Kigezo cha elimu huwa na mambo mawili ndani yake: kiwango na fani. "Shahada ya kwanza" ni kiwango, "takwimu" ni fani. Jiulize wewe umepungukiwa wapi, maana hoja ya fani hujengwa tofauti kabisa na hoja ya kiwango. Wengi huandika aya nzima ya kutetea kiwango ambacho hakuna aliyekitilia shaka, na fani wanaiacha hivyo hivyo.

Chukua mfano wa mteja mmoja aliyeomba kazi ya mchambuzi wa data. Tangazo lilitaka shahada ya kwanza ya takwimu au sifa inayolingana nayo. Yeye alikuwa na Shahada ya Sayansi ya Jiografia ya miaka mitatu, krediti 180, kwa mfumo wa krediti wa Ulaya ambao mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60. Kiwango kilikuwa sawa, basi hapo hatukupoteza muda. Kazi ilikuwa kwenye fani.

Tukaitandaza transkripti mezani na kalamu ya rangi. Alianza kwa kupigia mstari kila somo lililowahi kuwa na grafu, likiwemo la tabianchi. Nikamfutia hilo. Ukidai somo ambalo msomaji akiuliza swali moja tu litaanguka, unayaangusha na mengine yote. Yaliyobaki yalikuwa Takwimu 1 na Takwimu 2, krediti 10 kila moja. Mbinu za Utafiti wa Kitakwimu, krediti 10. Mifumo ya Taarifa za Kijiografia, krediti 15. Na tasnifu, krediti 15. Jumla 60. Kwa maneno mengine, ndani ya shahada yenye jina la jiografia mlikuwa na mwaka mzima wa takwimu na uchambuzi wa data. Hilo ndilo ambalo afisa wa mchujo asingeligundua kamwe peke yake.

Somo la mifumo ya taarifa lilinipa wasiwasi, kwa sababu jina lake halisemi chochote kuhusu takwimu. Tukatafuta muhtasari wa somo wa mwaka aliosoma yeye (si wa sasa, mitaala hubadilika) na tukakuta zaidi ya nusu ya mada zake ni takwimu za kimaeneo. Likabaki, na ukurasa ule wa muhtasari ukaambatanishwa. Kama ungekuwa umepotea, ningemwambia aliache na aseme krediti 45.

Aya iliyoingia kwenye barua yake, ya pili kutoka juu, ilikuwa hii:

"Tangazo linataka shahada ya kwanza ya takwimu au sifa inayolingana nayo. Nina Shahada ya Sayansi ya Jiografia, krediti 180, ambapo krediti 60, sawa na mwaka mmoja kamili wa masomo, ni za takwimu na uchambuzi wa data. Masomo hayo nimeyawekea alama kwenye ukurasa wa 2 na wa 3 wa transkripti. Katika tasnifu nilichambua data za kaya kwa rejesheni. Nadharia ya uwezekano sikuisoma kama somo la peke yake bali ndani ya Takwimu 2."

Tazama sentensi ya kwanza: inarudia maneno ya tangazo jinsi yalivyo, ili anayechuja aone kigezo chake kimejibiwa. Tazama na ya mwisho. Waombaji huiogopa, wanaona kama wanajichongea. Mimi huisisitiza. Mtaalamu atakayesoma barua baadaye ataliona pengo hata usipolitaja, na ni afadhali alikute tayari limewekewa mipaka.

Tahadhari moja: jina la shahada libaki kama lilivyo kwenye cheti. Ukiandika kwenye wasifu "Shahada ya Jiografia na Takwimu" wakati cheti kinasema Jiografia tu, hapo hujajenga hoja, umedanganya, na vyeti vikikaguliwa unaweza kufukuzwa hata baada ya kuajiriwa.

Kwenye fomu za mtandaoni mtego ni mwingine. Swali linasema: "Je, una shahada ya kwanza ya takwimu au sifa inayolingana nayo?" Mtu mkweli anajibu hapana kwa sababu cheti chake hakisemi takwimu, na mfumo unamtupa nje papo hapo. Swali lenyewe lina "au"! Kama umeshafanya hesabu ya namna hii na unaweza kuitetea mbele ya mtu, jibu sahihi ni ndiyo.

Dhana: Uzoefu wa miaka mingi ni sifa inayolingana

Inategemea tangazo limeandika nini. "Shahada au sifa inayolingana" linazungumzia masomo au mafunzo yaliyopimwa na kutunukiwa. "Shahada au uzoefu unaolingana" ni mlango mwingine. Na yapo matangazo yanayotaja mchanganyiko wa elimu na uzoefu, tena kwa vipimo. Umoja wa Mataifa, kwa mfano, katika matangazo yake mengi yanayotaka shahada ya uzamili huongeza kuwa shahada ya kwanza pamoja na miaka miwili ya ziada ya uzoefu unaofaa inaweza kukubaliwa badala yake. Ukitumia njia hiyo, hesabu vizuri: kama tangazo linataka uzamili na miaka mitano, wewe mwenye shahada ya kwanza unahitaji saba. Miaka ile miwili imeshalipia elimu, haiwezi kuhesabiwa tena kwenye uzoefu.

Kuna pia hesabu inayozunguka kwamba miaka mitatu ya kazi ni sawa na mwaka mmoja wa chuo. Haikuzuka hewani. Ni kanuni ya uhamiaji ya Marekani kwa waombaji wa viza ya H-1B, na hata huko haitoshi kuhesabu miaka, kwani lazima uonyeshe kuwa kazi ilihitaji ujuzi wa kitaalamu wa fani hiyo. Mwajiri asiyehusika na viza hiyo hafungwi nayo. Ukimwandikia "miaka yangu tisa ni sawa na miaka mitatu ya chuo", atakuuliza nani amesema.

Basi mwenye stashahada na uzoefu mrefu afanyeje pale tangazo linapotaka sifa tu? Atafute kilichopimwa: mitihani ya bodi ya kitaaluma, mafunzo ya kazini yaliyokuwa na mtihani na cheti, au chuo kilichomtambulia masomo ya awali na kumpa krediti. Uzoefu auweke kama nyongeza ya hoja. Kama hana chochote kilichopimwa juu ya stashahada, mimi humwambia ukweli kwamba nafasi hiyo ni finyu, atumie jioni yake kwa tangazo jingine.

Dhana: Ngazi ya 6 ni ngazi ya 6 popote

Sivyo. Kwenye mfumo wa sifa wa Ulaya wenye ngazi 8, shahada ya kwanza iko ngazi ya 6. Uingereza nayo huiweka ya 6. Ireland, yenye ngazi 10, shahada ya kwanza ya heshima iko ya 8, na Uskoti, yenye ngazi 12, iko ya 10. Afrika Kusini shahada ya kwanza ya kawaida iko ya 7. Kwa hiyo "nina ngazi ya 7" bila kutaja mfumo ni nusu ya taarifa, na nusu hiyo inaweza kukuponza: kwa Ulaya umedai uzamili, kwa Afrika Kusini shahada ya kwanza. Andika mfumo, ngazi, kisha jina la sifa.

Dhana: Nikipata cheti cha ulinganifu, mwajiri hana budi kunikubali

Cheti cha tathmini kutoka mamlaka ya kutambua sifa za nje husaidia, hasa kwa kiwango. Kinasema shahada yako inalingana na shahada ya kwanza ya nchi ile. Kwa kawaida hakisemi kwamba jiografia yako ni takwimu, na kwa kazi nyingi mwajiri hukichukua kama ushauri. Kile utakachokijengea hoja kwenye barua bado ni chako.

Kazi zenye usajili wa kisheria, kama uuguzi na udaktari, ziko tofauti. Huko mwajiri mwenyewe hana uwezo wa kukubali hoja yako hata ikimgusa. Baraza la taaluma ndilo linaloamua, na usipokuwa na usajili barua nzuri kiasi gani haitakusaidia. Anza na baraza, tangazo baadaye.

Dhana: Kumuuliza mwajiri ni kujidhalilisha

Tangazo likiwa na jina la mtu wa kuulizwa, limewekwa liulizwe. Ila usiulize "Je, shahada yangu inafaa?" kwa sababu jibu rahisi ni "omba tu, tutaangalia". Uliza hivi: "Mnapopima sifa inayolingana na shahada ya takwimu, mnaangalia jina la shahada au masomo yaliyomo? Yangu ina krediti 60 za takwimu kati ya 180." Wakijibu kwa maandishi kwamba wanaangalia masomo, taja jibu hilo na tarehe yake ndani ya barua ya maombi, kwa sababu anayejibu maswali na anayechuja mara nyingi si mtu mmoja.