Video ya sofa imechoka, bei haina kosa: kusoma dalili katika Ads Manager

Mama mmoja mwenye karakana ya samani karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, alinipigia simu akiwa amekaribia kukata shilingi 3,000 kwenye sofa yake ya watu saba. "Mwanangu, watu wamepungua WhatsApp. Bei imewashtua ama?" Nilimwomba asiguse bei kabla sijafungua Ads Manager, ukurasa wa Meta wa kusimamia matangazo ya Facebook na Instagram. Jibu la swali lake lilikuwa kwenye tarakimu, na ningependa kulieleza hatua kwa hatua, kwa sababu biashara nyingi za mji wetu hufika hapo na kupunguza bei bure.

Tangazo lenyewe lilikuwa video moja ya sekunde 24, lililoelekezwa kwa watu wa Kisumu na viunga vyake, kwa shilingi 1,000 kwa siku. Matokeo tuliyokuwa tukihesabu ni mtu kuanzisha mazungumzo ya WhatsApp. Tarakimu nitakazotoa nimezikadiria kidogo ili hesabu ifuatike.

Wiki ya kwanza video ilionyeshwa mara 70,000 kwa watu 50,000. Ukigawanya `Impressions` kwa `Reach` unapata `Frequency` ya 1.4, yaani wengi waliiona mara moja tu. Katika kila maonyesho 100, watu walibofya mara 1.5, na kila mazungumzo mapya yaligharimu shilingi 40. Wiki ya nne, kwa pesa zile zile, video ilionyeshwa mara 56,000 kwa watu 20,000. `Frequency` ikawa 2.8, bofyo zikashuka hadi 0.75 kwa 100, na mazungumzo yakagharimu shilingi 100.

Hapa wengi hutazama ile 100 na kushtuka. Mimi huivunja kwanza, kwa sababu inatokana na vitu vitatu: `CPM`, yaani gharama ya maonyesho 1,000; `CTR`, yaani sehemu ya maonyesho inayobofywa; na sehemu ya wabofyaji wanaoandika ujumbe:

```
Cost per result = CPM / (1000 × CTR × sehemu ya wabofyaji wanaoandika)

Wiki ya 1:  100 / (1000 × 0.0150 × 1/6) = 40
Wiki ya 4:  125 / (1000 × 0.0075 × 1/6) = 100
```

Tazama ile 1/6. Wiki ya kwanza mtu mmoja kati ya sita waliobofya aliandika ujumbe, na wiki ya nne vile vile. Video ile inataja bei mwanzoni kabisa, kwa hiyo anayebofya anaijua tayari. Kama karakana ingekuwa inachelewa kujibu, simu zake zingejaa ujumbe uliokaa bila majibu, nazo hazikujaa. Kilichoporomoka ni bofyo. Waliobofya bado walikuwa wanunuzi wazuri kama wa mwanzo, ila walikuwa wachache.

Bofyo zikishuka, gharama hupanda kwa njia mbili. Ya kwanza iko wazi: unalipia maonyesho, na maonyesho yanaleta watu nusu ya wale wa awali. Ya pili hufichika ndani ya mnada wa nafasi za matangazo. Meta haimpi nafasi mwenye dau kubwa peke yake. Huzidisha dau hilo na uwezekano wa mtazamaji kufanya unachotaka, kisha huongeza ubora wa tangazo. Watu wakianza kulipita tangazo, uwezekano huo hukadiriwa chini, na nafasi ile ile inakugharimu zaidi. Ndiyo maana `CPM` ilitoka 100 hadi 125. Bofyo kushuka nusu, mara ongezeko hilo la robo, ndiyo mara mbili na nusu tuliyoiona.

Kwa hiyo `CPM` ikipanda huku bofyo zikibaki pale pale, usiilaumu video. Huo ni ushindani wa watangazaji wengine, kama unavyoonekana kuanzia mwisho wa Novemba kuelekea Krismasi. Kuna pia mambo ya mshahara, ambayo kwa bidhaa ya bei ya sofa huyumbisha tarakimu sana: ukilinganisha wiki ya mwisho wa mwezi na wiki ya katikati, utaona uchovu usiokuwepo. Tangazo hili lilianza katikati ya mwezi. Wiki ya pili na ya tatu ziliangukia siku watu wana pesa, na bado bofyo zilishuka. Hapo nikaacha kuwaza mshahara.

Kuhusu `Frequency`, nisingependa mtu achukue 2.8 kama mpaka wa kila tangazo. Tarakimu hiyo hutegemea kipindi unachotazama. Kwa wiki zote nne kwa pamoja ilikuwa 4.2, kwani maonyesho 252,000 yaliwafikia watu 60,000 tu. Hesabu ya tangu mwanzo karibu kila mara hupanda, hata tangazo likiwa zima, ndiyo sababu mimi hutazama siku saba saba. Lakini ile 60,000 ilinieleza jambo zito: wiki ya kwanza ilifikia 50,000, na wiki tatu zilizofuata ziliongeza wapya 10,000 peke yao. Katika eneo dogo kama letu, pesa za wiki tatu zilikuwa zikirudia nyuso zile zile.

Safu ya `Delivery` ina alama yake, `Creative fatigue`, lakini hutokea gharama ikiwa imeshafika angalau mara mbili ya matangazo yako ya awali. Mimi siingoji.

Swali lililobaki ni sehemu gani ya video imechoka. Niligawanya `3-second video plays` kwa maonyesho: wiki ya kwanza 30 kwa 100, wiki ya nne 18. Halafu, kati ya waliopita sekunde tatu, nikaangalia wangapi walifika `ThruPlay`, yaani sekunde 15. Mmoja kati ya watano, wiki zote mbili. Maana yake mwili wa video bado ulikuwa unashika watu. Kilichozoeleka ni mwanzo, ile picha ya sofa ya kijivu na bei juu yake, ambayo mtu aliitambua mara moja na kidole kikapita.

Basi tulipiga picha upya sekunde nne za mwanzo na kuuacha mwili kama ulivyo. Mwanzo mmoja ulimwonyesha fundi akichana kitambaa cha chini ili mbao zionekane. Wa pili ulikuwa watoto wawili wakirukia sofa. Wa tatu ulikuwa mteja akiuliza kama itapita mlango wa nyumba ya kupanga. Kubadilisha muziki au rangi ya maandishi kusingetosha, maana picha ya kwanza ingebaki ile ile.

Matangazo hayo matatu tuliyaweka siku moja, ndani ya seti ile ile, yaani kundi la matangazo lenye bajeti moja na walengwa wamoja, na kuzima la zamani. Kuongeza tangazo hurudisha seti kwenye hatua ya kujifunza, Meta inapotafuta upya watu wa kuwaonyesha, nayo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya siku saba. Ukiongeza moja leo na jingine keshokutwa, unaanza upya kila mara. Sikuigawa bajeti katika seti mbili pia: kwa shilingi 500 kwa siku na gharama ya 100, kila seti ingepata mazungumzo 35 kwa wiki.

Wiki iliyofuata gharama ya mazungumzo ilishuka hadi karibu shilingi 50, na tangazo la fundi ndilo lililobeba mengi. Bei ya sofa haikuguswa. Hatukurudi kwenye 40, na sikutarajia, kwa sababu watazamaji ni wale wale. Kila tangazo jipya lilionyesha `Frequency` ya chini kwa kuwa linahesabiwa peke yake, lakini kwenye kiwango cha seti tarakimu ilizidi kupanda. Hiyo ya seti ndiyo ninayoifuatilia sasa. Siku mwanzo mpya utakaposhindwa kuinua bofyo, video itakuwa haina kosa tena. Tutapanua eneo kuelekea Ahero, Maseno na Siaya, na tayari mama anapiga hesabu ya usafiri wa pikapu kwa kila upande.