Asilimia ya nini? Kufundisha punguzo, faida na riba kwa wafanyabiashara wadogo

Wafanyabiashara wadogo ninaowafundisha hesabu jijini Dar es Salaam hawashindwi kukokotoa asilimia. Mtu anayeuza sokoni kila siku hujua bila kalamu kwamba asilimia 10 ya shilingi 15,000 ni 1,500, na kwamba nusu yake, yaani 750, ndiyo asilimia 5. Kinachowapotezea fedha ni jambo jingine: wanachukua asilimia za vitu viwili tofauti, wanazijumlisha au kuzitoa kana kwamba ni za kitu kimoja, na jibu linatoka likiwa na sura ya ukweli. Kwa sababu hiyo, somo langu lote limejengwa juu ya swali moja ambalo mwanafunzi hulirudia mpaka linakuwa mazoea: asilimia ya nini?

Nitaeleza kwa kufuata bidhaa moja tangu inaponunuliwa hadi mkopo ulioinunua unapolipwa. Tuchukue kitenge ambacho mama mwenye meza Mbagala amekinunua Kariakoo kwa bei ya jumla ya shilingi 11,500. Akigawa nauli na ujira wa mbebaji kwa idadi ya vitenge alivyobeba, kila kimoja kinamfikia mezani kwa shilingi 12,000. Anakiuza 15,000. Ninasisitiza kwamba hesabu ianzie kwenye 12,000, wala si kwenye 11,500, kwa kuwa mfanyabiashara anayesahau nauli hukosea kabla hata asilimia haijatajwa.

Faida ni shilingi 3,000, na juu ya hilo hakuna anayebisha. Mabishano huanza ninapouliza faida hiyo ni asilimia ngapi. Nusu ya darasa husema 25, kwa sababu 3,000 ni robo ya 12,000. Nusu nyingine husema 20, kwa sababu 3,000 ni sehemu moja ya tano ya 15,000. Mwalimu mwenye haraka atataja jibu moja kuwa sahihi na kuendelea, na hapo ndipo anapoua somo, maana majibu yote mawili ni sahihi. La kwanza ni faida juu ya bei ya kununulia, na linaonyesha mtaji umezaa kiasi gani. La pili ni faida ndani ya bei ya kuuzia, na linaonyesha katika kila shilingi 100 zinazoingia kwenye kibindo, ngapi ni za muuzaji mwenyewe na ngapi zinadaiwa na mzigo ujao. Darasani ninakataza kutamka asilimia peke yake. Mwanafunzi akisema “25”, wenzake humuuliza “ya nini?”, naye hana budi kumalizia: “asilimia 25 ya bei niliyonunulia.” Sentensi hiyo kamili ndiyo inayoandikwa daftarini. Wale wasiosoma kwa urahisi huigiza kwa noti: rundo moja la 12,000, rundo jingine la 15,000, kisha wanaonyesha kwa kidole ni rundo lipi lililogawanywa.

Tofauti hiyo ya 25 na 20 huonekana ndogo mpaka tunapofika kwenye punguzo. Mteja anapoomba apunguziwe, au muuzaji anapotaka kutoa ofa ya sikukuu, punguzo siku zote huhesabiwa kwa bei ya kuuzia, kwa kuwa hiyo ndiyo bei pekee ambayo mteja anaijua. Ninawauliza: mwenye faida ya asilimia 25 akitoa punguzo la asilimia 20, anabaki na nini? Jibu linalokuja karibu kila mara ni kwamba anabaki na asilimia 5. Basi tunahesabu noti. Asilimia 20 ya 15,000 ni 3,000, kwa hiyo kitenge kinauzwa 12,000, yaani bei ileile kilichofikia mezani. Hakuna kilichobaki. Akijiamini zaidi na kutoa punguzo la asilimia 25, akifikiri amerudi kwenye mtaji, atauza kwa 11,250 na kupata hasara ya shilingi 750 kwa kila kitenge, huku meza ikiwa imejaa wateja na yeye akiamini siku imekuwa njema.

Punguzo dogo nalo linahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndilo linalotolewa kila siku. Asilimia 10 ya 15,000 ni 1,500, na faida yote ilikuwa 3,000. Punguzo ambalo kwa mteja ni sehemu moja ya kumi, kwa muuzaji ni nusu ya faida yake, kwa sababu halichukuliwi kwenye 12,000 ambazo tayari zimelipwa Kariakoo na njiani. Ili apate faida ileile ya siku, aliyekuwa akiuza vitenge 5 lazima sasa auze 10. Punguzo la asilimia 5 ni shilingi 750, yaani robo ya faida, na hapo aliyekuwa akiuza 3 atahitaji kuuza 4. Ninaona hesabu hii ya pili ina thamani kubwa kuliko kanuni yoyote ya kitabuni, kwa sababu muuzaji anaweza kuilinganisha na soko analolijua: je, nikitangaza punguzo hili, kweli nitapata mteja wa nne kwa kila watatu nilionao? Wapo wanaojibu ndiyo kwa sababu nzuri, hasa anayetaka kumaliza mzigo wa zamani kabla michoro mipya haijaingia.

Hapa naongeza neno kuhusu kikokotoo. Kitufe chenye alama ya % hakifanyi kazi kwa namna moja katika vikokotoo vyote. Ukiandika 15000 - 10%, vingine hutoa 13,500 na vingine 14,999.9, kwa sababu havijui asilimia 10 unayoisema ni ya nini. Ninawafundisha waache kitufe hicho na waandike 15000 × 10 ÷ 100 kwanza, wasome 1,500, ndipo watoe. Ni hatua mbili, lakini ya kwanza inawalazimisha kutaja wenyewe kiasi kinachogawanywa.

Riba huja mwisho, na haiji mwisho kwa sababu ni ngumu kukokotoa. Inakuja mwisho kwa sababu ina maswali mawili badala ya moja: asilimia ya nini, na kwa muda gani. Tuseme mama yuleyule amekopa shilingi 600,000 kununua vitenge 50, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na marejesho ya miezi 6. Wengi wanaposikia asilimia 10 huiweka akilini kama 60,000, kisha wanaliacha jambo hapo. Lakini 60,000 hiyo ni ya mwezi mmoja. Kwa miezi 6, ikiwa riba inahesabiwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, jumla ni 360,000, na rejesho la kila mwezi ni 160,000.

Ubaoni naandika salio la kila mwezi kando ya riba. Mwezi wa kwanza anadaiwa 600,000 na riba ni 60,000, na hapo asilimia 10 ni ya kweli. Kila mwezi analipa 100,000 ya mtaji, kwa hiyo deni linashuka. Mwezi wa sita anadaiwa 100,000 tu, lakini riba bado ni 60,000. Naliuliza darasa swali lilelile, asilimia ya nini, na mara nyingi kimya kinakuwa kirefu kabla mtu hajasema kwamba mwezi huo analipa riba ya asilimia 60 ya deni lililobaki. Kisha nahesabu mkopo uleule kwa riba inayofuata salio linalopungua: 60,000, halafu 50,000, 40,000, 30,000, 20,000 na 10,000, jumla 210,000. Mikataba yote miwili inaweza kusema asilimia 10 kwa mwezi. Tofauti yake ni shilingi 150,000, ambayo ni faida ya vitenge vyote 50. Hapo ndipo inafaa pia kuuliza ni kiasi gani hasa kilipokelewa. Akikatwa 30,000 za fomu na ada siku ya kuchukua, amepokea 570,000, lakini riba inaendelea kuhesabiwa kwa 600,000.

Swali la muda ndilo ninalolipa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa kosa lake hujificha vizuri. Mwanafunzi husema: “Mwalimu, faida yangu ni 25, riba ni 10, nabaki na 15.” Ukimuuliza asilimia ya nini, safari hii atajibu sawasawa, kwa kuwa zote mbili ni za 600,000. Lakini 25 inapatikana kila mzigo unapokwisha, na 10 inadaiwa kila mwezi unapokwisha. Mzigo ukiisha kwa mwezi mmoja, faida ni 150,000 na riba 60,000. Ukichukua miezi miwili, faida ni ileile 150,000, riba imekuwa 120,000. Ukichukua mitatu, riba ni 180,000 na ameuza vitenge vyote 50 kwa bei nzuri ili apate hasara ya 30,000. Na bado hatujahesabu kwamba rejesho linatoa 100,000 ya mtaji kila mwezi, kwa hiyo mzigo wa pili hauwezi kulingana na wa kwanza. Hata anayemaliza vitenge vyote kwa mwezi mmoja huingiza 750,000, akalipa 160,000, akabaki na 590,000 zinazonunua vitenge 49, na hajatoa hata senti ya chakula cha nyumbani. Akiwa ametoa punguzo la asilimia 10 kwa kila mteja, anaingiza 675,000 na kubaki na 515,000, zinazotosha vitenge 42.

Njia hii ina mpaka wake. Kwa muuza nyanya, bei ya kununulia kwa kila fungu haijulikani mpaka tenga limalizike, kwa kuwa zilizooza zinabebwa na zilizouzika. Huyo simpi asilimia ya fungu hata kidogo. Anahesabu tenga zima, fedha zilizoingia dhidi ya zilizotoka, na asilimia inakuja baadaye.

Ili nijue kama somo limeshika, situmii mtihani wa kukokotoa. Ninawaomba walete masharti ya mkopo walionao au wanaoufikiria, kisha kila mmoja aandike swali atakalomuuliza afisa mikopo. Mwanafunzi aliyeelewa haandiki “riba yenu ni ngapi?” Anaandika: “Mwezi wa mwisho, nikiwa nimebakiza rejesho moja, riba yangu itakuwa shilingi ngapi?” Ikitajwa shilingi zilezile za mwezi wa kwanza, anajua riba inahesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo. Ikitajwa kiasi kidogo, anajua inafuata salio, na anaweza kukaa chini na kuhesabu mwenyewe kabla ya kutia sahihi.