Mtoto alale chali, godoro ndilo lihamie kwenye mwanga

Kazi yangu ni kupiga picha za watoto wachanga nyumbani kwao, hapa Dar es Salaam. Karibu kila wiki mzazi ananionyesha picha ileile kwenye simu: kichanga amelala kifudifudi, viwiko vimekita kitandani, kidevu kimetua juu ya viganja kama mtu mzima anayewaza. Kwetu sisi wapiga picha huo ni mkao wa chura. Mzazi anauliza kama na wa kwake naweza kumweka hivyo, nami namjibu hapana, kisha nakaa naye kitako nimweleze kwa nini.

Picha ile, ikipigwa na mtu anayejua anachofanya, si picha moja. Ni mbili. Katika ya kwanza, mkono wa msaidizi umeshika kichwa cha mtoto kwa juu. Katika ya pili, mkono umeshika vifundo vya mikono yake kwa chini. Baadaye zinaunganishwa kwenye kompyuta na mikono ya msaidizi inafutwa. Hakuna hata nukta moja ambayo mtoto aliachiwa peke yake. Anayeiona kwenye simu haoni mikono hiyo, kwa hiyo anadhani mtoto alitulia mwenyewe, naye anakwenda kujaribu.

Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote, na shingo yake bado haina nguvu ya kukibeba. Koo lake ni jembamba na laini. Kidevu kikiangukia kifuani, njia ya hewa inajikunja na kubana, na mtoto wa siku kumi hana uwezo wa kunyanyua kichwa ajiokoe. Kibaya zaidi ni kwamba halii. Ananyamaza tu, na waliomzunguka wanasema amepata usingizi mtamu. Kwa sababu hiyohiyo siwaketishi watoto ndani ya vikapu na ndoo, siwaning'inizi kwenye kitambaa, wala siwakunji miguu ikagusa kichwa. Mtoto ninayempiga picha analala chali, mahali tambarare na pagumu kiasi, pua na mdomo viko wazi, na mama yake yuko karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono bila kuinuka.

Ukishakubali kwamba mtoto hageuzwigeuzwi, kazi inayobaki ni ya mwanga, na hapo ndipo utamu ulipo.

Nichukue nyumba moja ya Temeke niliyokwenda mwezi wa saba. Mtoto alikuwa na siku tisa. Chumba kilikuwa kidogo, dirisha moja lenye nondo na wavu wa mbu, linatazama kaskazini. Mafunzo mengi ya picha yametoka Ulaya, nayo yanasema dirisha la kaskazini ndilo lenye mwanga laini siku zote kwa kuwa jua haliingii. Kwao ni kweli. Dar iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita upande wa kaskazini. Saa tatu asubuhi lilikuwa linaingia moja kwa moja, na nondo zilichora mistari myeusi juu ya shuka lote. Ningemlaza mtoto pale, uso wake ungekuwa na michirizi kama ya punda milia, na macho yangemuuma.

Kwa hiyo usikariri upande wa dirisha. Ingia chumbani, nyosha mkono wako mahali utakapomlaza mtoto, na utazame kivuli chake. Kikiwa na ukingo mkali kama kimekatwa kwa wembe, jua linapiga moja kwa moja. Kikiwa kinafifia taratibu pembeni hadi huoni kinaishia wapi, hapo pazuri. Pale Temeke tulilishusha godoro chini sakafuni, tukalivuta kama hatua moja kutoka kwenye ile mistari, kisha tukatundika shuka jeupe jepesi kwenye waya wa pazia. Jua likagonga shuka, na shuka lenyewe likageuka kuwa taa kubwa laini. Hatukuhitaji kitu kingine.

Godoro kuwa sakafuni kuna faida ya pili: mtoto hana pa kuanguka. Nami naketi kando yake, sisimami juu yake. Watu wanaogopa mtoto ataanguka, ila hawafikirii simu kumwangukia mtoto. Ukitaka picha ya kutoka juu, simu au kamera iwe na mkanda, na mkanda uwe umezunguka shingo yako kabla hujainama. Kama haina mkanda, picha hiyo iache.

Mwanga unapaswa kuteremka usoni kutoka kwenye paji kwenda kidevuni. Mlaze mtoto utosi ukielekea dirishani, halafu uzungushe godoro, si mtoto, kama nyuzi 45, ili mwanga uje kwa juu na kwa ubavu. Tazama chini ya pua yake: ukiona kakivuli kadogo kamelala kuelekea shavu la mbali na dirisha, umepatia. Ukiona matundu ya pua yanang'aa na kuna kivuli juu ya macho, miguu ndiyo iliyoelekea dirishani. Mwanga wa kutokea chini unamfanya hata malaika atishe. Upande ule wa giza, mama akivaa blauzi nyeupe au akishika taulo jeupe, mwanga unarudi kidogo shavuni na kivuli kinalainika.

Zima taa ya chumbani. Mwanga wa balbu na wa dirisha una rangi tofauti, vikichanganyika ngozi inakuwa na mabaka. Zima na flashi ya simu, kwa kuwa inamshtua mtoto na inafuta vivuli vyote ulivyovihangaikia. Shuka jeupe sana linaidanganya simu: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na mtoto mwenye ngozi nyeusi anatoka kama kivuli. Gusa uso wake kwenye skrini, kisha kile kijua kinachotokea kando ya kidole kisogeze juu hadi ngozi ionekane kama unavyoiona kwa macho. Mimi napenda zaidi kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi, ya rangi iliyopoa, kwa kuwa haina shida hiyo na ni laini kuliko kitambaa chochote kipya. Kwa wenye kamera, chumba kama kile nilikipigia kwa f/2.8, 1/200, ISO 800. Kwa wenye simu, futeni lenzi kwanza. Picha nyingi zenye ukungu ninazoletewa ni mafuta ya vidole tu.

Kabla ya yote hayo mtoto anyonye ashibe, abeuliwe, asubiriwe. Bibi wa mtoto pale Temeke alitaka kumpaka poda ang'ae. Nilimwambia, "Bibi, samahani, poda tuiache. Vumbi lake linaingia mapafuni, na ngozi yake hivi ilivyo ndiyo naitaka." Alikubali. Ngozi ilikuwa inabambuka vifundoni, jambo la kawaida kwa siku zile. Kitovu kilikuwa bado hakijadondoka, kwa hiyo tulikunja nepi chini yake, tusikiguse wala kukifunika kwa mapambo.

Kumfunga kanga kuna ufundi wake. Kifuani iwe na nafasi ya vidole viwili, na ukingo wa juu usivuke mabega, maana kitambaa kinachopanda hadi mdomoni ni hatari. Chini ilegee kabisa, magoti yaweze kujikunja na kutanuka kama ya chura. Ndiyo, hapo chura anafaa. Miguu ikinyooshwa na kubanwa pamoja inaumiza nyonga ambazo bado hazijakomaa. Feni isimpulize usoni, lakini pia joto letu lisisahauliwe. Usimpime kwa mikono na miguu, kwa kuwa huwa ya baridi hata akiwa sawa. Weka kiganja kisogoni au kifuani. Akiwa na jasho au amewiva, mfungue. Na kwa ndugu zangu wa Lushoto na Njombe, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto hata kwa dakika chache. Gesi yake haina harufu na inaua.

Tulipiga kwa dakika 40 hivi. Picha tatu ndizo nilizozipenda: uso wake kwa ubavu, pumzi ikionekana kwenye kanga; mguu wake mzima juu ya kiganja cha bibi, ngozi ya miaka mingi chini ya ngozi ya siku tisa; na mama aliyeketi dirishani, mtoto begani, mkono wake umeshika kisogo. Hiyo ya pili bibi ndiye aliyeiomba. Aliniambia, "Mwanangu, huyu hajatimiza arobaini, sura yake isitoke nje." Nyumba nyingi za pwani zina msimamo huo, nami nauliza kabla sijatoa kamera. Mguu, sikio, nywele za kisogoni, vyote vinasema mtoto kaja, bila kuonyesha uso.

Nimalizie na rangi, kwa kuwa huko kuna jambo kubwa kuliko picha. Ukiona mtoto katoka wa njano, usikimbilie kurekebisha rangi kwenye simu. Itazame shuka nyeupe iliyomo kwenye picha hiyohiyo. Shuka nayo ikiwa ya njano, ni mwanga: pazia, ukuta uliopakwa rangi, au balbu mliyosahau. Shuka ikiwa nyeupe na mtoto wa njano, njano ni yake. Mpeleke dirishani, mtazame weupe wa macho, viganja na nyayo. Watoto wengi hupata manjano kidogo siku za mwanzo na yakapita, lakini yakitokea ndani ya saa 24 tangu azaliwe, au yakifika viganjani na nyayoni siku yoyote, au mtoto akiwa mlegevu na hataki kunyonya, ni hospitali siku hiyohiyo.

Yalinikuta katika nyumba nyingine, mtoto wa siku sita. Shuka ilikuwa nyeupe kama karatasi, nyayo zake za rangi ya binzari. Nilimwonyesha mama kwenye skrini, nikamwambia, "Dada, leo tusipige, twende." Walilazwa, mtoto akawekwa chini ya zile taa za buluu za kutibu manjano. Picha tulipiga wiki mbili baadaye, kwenye dirisha lilelile.