“Huyu Anapakatwa, Usimwandike”: Dhana Potofu Kuhusu Orodha ya Abiria wa Kivuko

Anayekaa dirisha la tiketi za kivuko huisikia kauli hii mpaka inamchosha: “Huyu mtoto anapakatwa tu, hana nauli, usimwandike.” Anayeisema huwa ni mzazi mwema, na mara nyingi anadhani ananipunguzia kazi. Ndiyo maana naanza na hiyo, na nitakaa nayo kuliko nyingine zote.

Dhana: Mtoto asiyelipa nauli haingii kwenye orodha

Nauli hutueleza nani amelipa kiasi gani. Orodha ya abiria hutueleza nani yumo chomboni. Hesabu hizi mbili huachana mara tu familia moja yenye watoto inapofika dirishani.

Chukua kundi linalokwenda harusini: watu wazima tisa, watoto wanne wa nusu nauli, na wachanga wawili wasiolipa. Kwa upande wa fedha, hizo ni nauli nzima 11. Ukihesabu tiketi zilizokatwa unapata 13. Ukihesabu vichwa vinavyopanda unapata 15. Karani akiandika orodha kwa kufuata fedha, watu wanne wamepotea kwenye karatasi kabla kamba haijafunguliwa gatini. Akifuata tiketi, wamepotea wawili, na hao wawili ndio wasioweza hata kutamka majina yao wakiulizwa.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka watu wote waliomo kwenye meli ya abiria wahesabiwe kabla ya kuondoka, na pale majina yanapoandikwa, wakubwa, watoto na wachanga watenganishwe. Umri wa kulipa nauli haumo katika sharti hilo.

Meli ya Senegali, Le Joola, ilipopinduka usiku wa tarehe 26 Septemba 2002, ilikuwa imejengwa kubeba watu 580 hivi. Waliokufa walikadiriwa kuwa zaidi ya 1,800. Idadi kamili ya waliokuwamo haijapata kujulikana, na sababu mojawapo ni kwamba watoto wa chini ya miaka mitano hawakuhitaji tiketi, huku wengine wakiwa wameruhusiwa kupanda bure. Kwa kuwa hawakukatiwa tiketi, hapakuwa na karatasi ya kuwahesabia.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawalifikirii. Majaketi ya kujiokolea hugawanywa kwa uzito: la mchanga ni kwa aliye chini ya kilo 15, la mtoto ni kwa kilo 15 hadi chini ya 43, na kuanzia hapo ni la mtu mzima. Mabaharia hujua watoe mangapi ya kila aina kwa kutazama orodha. Mtoto mdogo akivalishwa jaketi la mtu mzima, akifika majini jaketi hupanda juu na yeye huteleza chini yake. Sasa mzazi anaponiambia mwanawe wa miaka saba ana miaka miwili ili asilipe, orodha inamhesabu miongoni mwa wachanga, na jaketi linaloandaliwa kwa ajili yake halimwenei. Kama nauli ni tatizo, tuzungumze nauli. Umri uandikwe ulivyo.

Ninavyotaka mimi ni hivi: kila mtoto apewe mstari wake, jina lake, jinsia, umri, na jina la mtu mzima anayesafiri naye. Kama hajapewa jina bado, andika “Mtoto wa Asha Salim, wa kike, wiki tatu”. Usiandike “Asha na mtoto” kwenye mstari mmoja, kwa sababu anayejumlisha mistari atahesabu mtu mmoja.

Dhana: Idadi ikitimia, majina si kitu

Hii inatoka hata kwa watu wa kazi hii, nami sina subira nayo. Tuseme orodha ina majina 212, na baharia aliyesimama kwenye daraja la kupandia na kihesabio chake amepata 212. Wote wanaridhika. Lakini bwana mmoja aliyekata tiketi alipata udhuru akabaki nyumbani, na mchanga mmoja asiyeandikwa amepanda mgongoni kwa mama yake. Makosa mawili yamefutana, jumla imekaa sawa, na orodha ni ya uongo. Likitokea la kutokea, waokoaji watamtafuta mtu aliyelala kitandani kwake, na watasitisha msako huku mtoto yumo majini.

Kwa hiyo kuhesabu vichwa peke yake hakutoshi. Kila anayepanda jina lake litiwe alama pale pale anapovuka daraja, na majina yasiyo na alama yakatwe kabla ya chombo kuondoka. Ndipo jumla ya yaliyobaki ilinganishwe na kihesabio. Zikitofautiana hata kwa mtu mmoja, watu wahesabiwe upya wakiwa wamekaa, sitaha kwa sitaha. Kubahatisha aliyezidi ni nani hakukubaliki.

Hapo hapo ndipo tiketi ya kuazimana inapoharibu mambo. Ndugu yako hasafiri tena, wewe unakwenda na tiketi yake yenye jina lake: kwa orodha, yeye yuko safarini na wewe huko popote. Omba jina libadilishwe. Na lile la “Mama Juma” au “Fundi” lisikae kwenye orodha. Toa majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, pamoja na simu ya mtu *anayebaki nchi kavu*. Wengi huandika simu ya mwenza waliyepanda naye chombo hicho hicho, na namba hiyo haitapokelewa siku inapohitajika.

Dhana: Orodha ni ya nahodha, atakaa nayo

Nakala ibaki bandarini. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, mkatishaji tiketi alikuwa miongoni mwa waliokufa na mashine yake ya kumbukumbu ikapotea. Kwa siku kadhaa ilikuwa vigumu kusema walikuwamo wangapi. Miaka 22 nyuma yake, kwenye MV Bukoba, orodha ilikuwapo kwa abiria wa daraja la kwanza na la pili, lakini wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Dhana: Mzigo nimeulipia, hauhusiani na jina langu

Unahusiana. Kwenye hesabu za uthabiti wa chombo, abiria kwa kawaida huchukuliwa kuwa na kilo 75, na mizigo huhesabiwa mbali. Abiria watatu wanaosambaziana magunia ili kila mmoja aonekane yuko ndani ya kiwango chake hawajapunguza kitu, ila gunia lenye jina la asiyelimiliki halina wa kulijibia. Mwenye mzigo asipopanda, mzigo wake ushushwe, na hilo linawezekana tu kama lebo ina jina lililo kwenye orodha. Na vitu vizito vikae sitaha ya chini. Vikirundikwa juu, karibu na mwenyewe anayetaka kuvitazama, kitovu cha uzito hupanda, na chombo kikilalia upande huchelewa kuinuka.