Kuagiza mtoto maabara: ukweli ukoje?

"Eti siku hizi matajiri wanaagiza mtoto mrefu mwenye akili maabara?"

Hapana jamani, bado sana, angalia tu kilichotokea China. Mwaka 2018 mwanasayansi He Jiankui alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wa kike ambao alihariri viinitete vyao kwa CRISPR, ule mkasi wa maabara wa kukata DNA, na alilenga jeni moja tu, CCR5, ule mlango ambao virusi vingi vya Ukimwi hupitia kuingia kwenye seli. Alitaka kuiga badiliko la asili linalofunga mlango huo, walilonalo baadhi ya Wazungu, pale herufi 32 za DNA ya jeni hiyo zimekosekana, lakini hakulipata: yalitokea mabadiliko mengine ambayo hayajawahi kujaribiwa kwa binadamu, pacha mmoja akabaki na nakala moja ya jeni isiyoguswa, na data za He mwenyewe zilionyesha ndani ya kiinitete seli hazikuhaririwa sawa zote. Akafungwa miaka 3.

Hiyo ni jeni moja. Sasa urefu unaguswa na sehemu zaidi ya elfu kumi za DNA, kila moja inaongeza kidogo mno, na akili ndo usiseme, hapo utahariri ipi? Kinachonitia wasiwasi mimi ni mkasi huo kukosea kukata DNA, maana kosa hilo linaweza kurithiwa na wajukuu.