Taarifa ya kubadili akaunti ya benki: maana yake, na namna ya kuiandika isije ikamfaa tapeli

Taarifa ya kubadili akaunti ni ujumbe ambao mfanyabiashara huwapelekea wateja wake kuwaarifu kwamba malipo waliyozoea kuyaweka katika akaunti fulani, kuanzia siku fulani, yawekwe katika akaunti nyingine. Kwa maana hiyo tu lingekuwa jambo dogo la uhasibu. Ugumu wake unatokana na kwamba tapeli naye, anapotaka kuzielekeza kwake fedha za mteja, humwandikia ujumbe wenye maneno yale yale. Kwa hiyo taarifa nzuri ni ile inayompa mteja njia ya kuithibitisha ambayo tapeli hawezi kuigusa. Kueleza namba mpya peke yake hakutoshi.

Tuchukue mfano wa kampuni ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam, inayowatolea wafanyabiashara kontena bandarini na kuwatumia ankara kwa barua pepe. Tapeli hupata nywila ya barua pepe ya mhasibu, mara nyingi kwa kumtumia kiungo kinachomfikisha kwenye ukurasa bandia wa kuingilia. Akishaingia haibi kitu siku hiyo. Anasoma. Anajua ni mteja gani ana kontena njiani, anadaiwa kiasi gani, na mhasibu huwasalimu wateja vipi. Wakati mwingine huweka kanuni ndani ya sanduku la barua ili majibu ya mteja fulani yahamishwe kwenye folda ambayo mhasibu haifungui. Siku meli inapokaribia, na mteja anaogopa gharama za kuchelewesha kontena, ndipo ujumbe unapofika: akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipeni kupitia hii mpya, leo kabla ya saa tisa.

Ikiwa tapeli hana nywila, husajili anwani inayofanana na ile ya kampuni. Herufi r na n zikikaa pamoja, yaani rn, kwenye kioo cha simu huonekana kama m, na mtu mwenye haraka hatatambua tofauti. Lakini katika mfano wetu anwani ni ile ile ya kweli, kwa kuwa tapeli yumo ndani ya sanduku lenyewe, na hapo kuikagua anwani ya mtumaji hakumsaidii mteja hata kidogo.

Hapa ndipo taarifa nyingi za kweli zinapokosea. Kampuni huandika, kwa nia njema kabisa, kwamba mwenye shaka apige simu namba iliyoko chini ya barua hii. Tapeli naye huandika sentensi hiyo hiyo na kuweka namba yake, na mtu mpole atapokea na kuthibitisha kila kitu. Uthibitisho unaotokana na ujumbe ule ule unaotiliwa shaka si uthibitisho. Namba ya kupigia lazima iwe ile ambayo mteja alikuwa nayo kabla ya taarifa: iliyo kwenye mkataba, kwenye ankara ya mwaka jana, au iliyohifadhiwa katika simu yake. Nami naona ni afadhali taarifa isiwe na namba ya simu kabisa, na ieleze wazi kwa nini haina.

Taarifa ya kampuni yetu ya mfano inaweza kusomeka hivi: “Ndugu Mteja, kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao tutapokea malipo katika akaunti mpya. Namba ya akaunti hiyo hatukuiandika hapa kwa makusudi. Utaipata kwa barua iliyotiwa saini na kugongwa muhuri, utakayokabidhiwa ofisini kwetu au kuletewa na mtumishi wetu unayemfahamu. Kabla ya malipo ya kwanza, tafadhali tupigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, nasi tutakusomea namba ya akaunti nawe uilinganishe na iliyo kwenye barua. Akaunti ya zamani itabaki wazi kwa siku 90, kwa hiyo hakuna haraka, na mzigo wako hautazuiliwa kwa sababu ya kuhakiki. Hatutatuma masahihisho ya taarifa hii kwa barua pepe wala kwa WhatsApp. Ukipokea yoyote, usilipe; tujulishe.”

Sentensi ya masahihisho ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Tapeli aliye ndani ya sanduku la barua huiona taarifa ya kweli ikitoka, na kwake hiyo ni fursa, kwa maana wateja wote wameshaandaliwa kupokea akaunti mpya. Anachohitaji ni mistari miwili siku inayofuata: samahani, tarakimu mbili za mwisho zilikosewa, hii ndiyo sahihi. Mteja ambaye hakuonywa mapema ataamini, kwa kuwa hata yeye aliisikia habari ya mabadiliko. Muda wa siku 90 nao unamnyang'anya tapeli silaha yake kuu, yaani haraka. Mteja anayejua kwamba akaunti ya zamani bado inapokea fedha hana sababu ya kulipa kwa wasiwasi.

Wengi huuliza kama jina la mwenye akaunti halitoshi. Katika malipo ya simu tumezoea kuliona jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri, na huo ni msaada wa kweli. Ila jina lina mipaka yake. Kati ya mwaka 2013 na 2015, Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania, alizitapeli kampuni za Google na Facebook zaidi ya dola milioni 120 kwa kusajili nchini Latvia kampuni yenye jina sawa na la kiwanda cha Asia kilichokuwa kikiziuzia vifaa vya kompyuta, kisha akafungua akaunti kwa jina hilo na kuwatumia wahasibu ankara. Jina lilikuwa sawa. Mwenye akaunti ndiye hakuwa yeye. Mwaka 2019 mahakama ya New York ilimhukumu kifungo cha miaka 5.

Kwa malipo makubwa ipo njia nyingine ambayo kampuni inaweza kuwapendekezea wateja wake. Mteja hutuma kwanza kiasi kidogo kisicho cha kawaida, tuseme shilingi 10,370, kisha hupiga simu kwa namba ya zamani na kuuliza ni kiasi gani kimeingia. Asikitaje yeye. Aliye upande wa pili aseme 10,370 kutoka kwenye taarifa ya benki yake, ndipo salio la ankara litumwe. Mteja akikitaja mwenyewe, anayepokea anaweza kuitikia tu bila kuangalia, na jaribio linakuwa halina maana. Malipo hayo madogo ni muhimu hasa pale salio litakapopita kwenye TISS, mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania wa malipo makubwa baina ya benki, kwa kuwa malipo yakishakamilika humo ni ya mwisho.

Mteja akigundua kwamba amekwisha kulipa pasipostahili, simu ya kwanza ni kwa benki yake, dakika hiyo hiyo, ili nayo iiombe benki iliyopokea kuzuia fedha kabla hazijatolewa. Ripoti ya polisi ifuate. Na kampuni ibadilishe nywila, iwaondoe wote walioingia kwenye sanduku la barua, kisha ifungue orodha ya kanuni za kuhamisha ujumbe na kuzisoma moja baada ya nyingine, kwa sababu kanuni aliyoiacha tapeli huendelea kufanya kazi hata baada ya nywila kubadilishwa.